Nondo katika boriti ya zege: jinsi zinavyopokea kani ya kupinda, na namna ya kuziweka mahali pake

Mwanafunzi anayeanza kusuka nondo hupewa mchoro, koleo na waya wa kufungia, na kazi hujifunzwa kwa mikono kabla haijaeleweka. Anajua kwamba nondo nene huwekwa chini na nyembamba juu, lakini siku akikutana na boriti inayotaka kinyume chake hana cha kumwongoza isipokuwa mazoea. Mwongozo huu unafuata swali moja tu: nondo iliyozikwa ndani ya zege inafanya kazi gani boriti inapobebeshwa mzigo, na kwa nini milimita chache za mahali ilipowekwa zinabadilisha nguvu ya boriti nzima. Mfano wa hesabu umewekwa ili uelewe ukubwa wa kani zinazohusika. Idadi na unene wa nondo za jengo halisi huamuliwa na mhandisi.

Upande upi unavutwa

Chukua kipande kirefu cha sponji ya godoro, chora ubavuni mwake mistari iliyosimama wima yenye nafasi sawa, kisha ukiegemeze kwenye matofali mawili na ukibonyeze katikati kwa kidole. Utaona mistari ikisogeleana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Juu sponji inagandamizwa, chini inavutwa, na mahali fulani katikati ya kina chake kuna mstari ambao haukufupika wala kurefuka. Boriti ya zege iliyokaa juu ya nguzo mbili hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho.

Zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini ni dhaifu linapovutwa. Zege la kawaida la majengo, lenye uwezo wa kubeba newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba linapogandamizwa, hupasuka likivutwa kwa newtoni 2 hadi 2.5 hivi, yaani takriban sehemu moja ya kumi. Chuma cha nondo kwa upande wake huvutwa hadi kufikia newtoni 460 au 500 kwa milimita ya mraba, kutegemea daraja lake, kabla ya kuanza kurefuka bila kurudi. Kwa hiyo kazi inagawanywa: zege linabeba mgandamizo, na nondo inawekwa mahali ambapo zege litavutwa, kwa sababu hapo peke yake halitaweza.

Kabla ya kufunga nondo ya kwanza, jiulize boriti hii itabonyea kuelekea wapi na upande upi utarefuka. Nondo kuu zinakaa upande huo. Katika boriti iliyoegemea ncha zote mbili, upande huo ni chini. Katika boriti iliyoshikwa upande mmoja tu na kutokeza hewani, upande huo ni juu. Katika boriti moja ndefu inayopita juu ya nguzo tatu au zaidi, upande unaovutwa ni chini katikati ya nguzo na nguzo, lakini juu ya nguzo za kati ni upande wa juu, kwa sababu hapo boriti inajikunja kama mgongo.

Ufa mdogo ndio unaoipa nondo kazi

Jambo hili linawashangaza wengi. Nondo haizuii zege lisipasuke. Zege linapovutwa hupasuka likirefuka kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita katika kila mita. Kwa kuwa nondo imeshikana nalo, nayo imerefuka kiasi hichohicho tu, na kwa kurefuka huko chuma kinabeba newtoni 20 hivi kwa milimita ya mraba. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Nondo ingali karibu bila kazi wakati zege linaachia.

Zege linapopasuka, kani ambayo lilikuwa linaibeba upande wa chini inahamia yote kwenye nondo. Nondo inavutwa kwa nguvu kubwa zaidi, inarefuka zaidi, na ufa unafunguka kidogo. Boriti ikiwa na mzigo wake wa kila siku, chuma kinaweza kuwa kimerefuka kwa milimita moja na zaidi kidogo katika kila mita. Urefu huo wa ziada lazima uonekane mahali fulani, nao unaonekana kama nyufa. Tofauti ya boriti nzuri na mbovu ni jinsi urefu huo unavyogawanyika: katika boriti nzuri unagawanyika kwenye nyufa nyingi, nyembamba kama unywele, ambazo mara nyingi huzioni mpaka usogeze uso karibu na kumwagia boriti maji kidogo. Katika boriti ambayo nondo haikushikana na zege, urefu uleule unakusanyika kwenye nyufa mbili tatu pana, ambazo maji na hewa vinapita ndani yake hadi kwenye chuma.

Kinachogawanya nyufa hizo ni mshikamano. Miinuko iliyoko kwenye ngozi ya nondo inalishika zege kati ya ufa na ufa na kulirudishia kani, hadi zege linapasuka tena hatua fupi mbele. Ndiyo maana nondo yenye matope, mafuta ya kupaka mbao za boksi la kumwagia zege, rangi, au kutu inayobanduka kwa magamba haifai mpaka isafishwe. Kutu nyepesi ya rangi ya kahawia ambayo haitoki ukisugua kwa kitambaa kikavu haina madhara. Inayotoka kwa vipande isuguliwe kwa brashi ya waya. Mafuta ya mbao yapakwe kabla fremu ya nondo haijaingia ndani ya boksi, kwa sababu ukipaka baadaye hutaweza kuikwepa nondo, hata ukiwa mwangalifu kiasi gani.

Mfano: boriti ya mita 5

Tuchukue boriti yenye urefu wa mita 5 kati ya nguzo na nguzo, upana wa milimita 230 na kina cha milimita 450. Mchoro unaonyesha 3Y16 chini, yaani nondo tatu za milimita 16, na 2Y12 juu, yaani nondo mbili za milimita 12. Ringi, yaani vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzizunguka nondo hizo, ni za milimita 8. Zege linalofunika ringi ni milimita 25. Mhandisi amekadiria kwamba mzigo wote, pamoja na uzito wa boriti yenyewe na nyongeza za usalama, ni kilonewtoni 26 kwa kila mita.

Nguvu inayoipinda boriti huitwa momenti, na kwa boriti ya namna hii ni kubwa kuliko kwingine pale katikati. Tukiita momenti M, mzigo wa kila mita w na urefu wa boriti L, inapatikana hivi, kwa kilonewtoni-mita (kNm):

```
M = w × L × L / 8 = 26 × 5 × 5 / 8 = 81 kNm
```

Kwanza tuangalie zege peke yake lingefanya nini. Boriti hii bila nondo yoyote ingepasuka momenti inapofika kama kNm 19, na kwa kuwa hakuna cha kupokea kani baada ya ufa, ingekatika papo hapo. Hiyo ni chini ya robo ya inayotakiwa. Uzito wa boriti yenyewe peke yake unatumia kama 8 kati ya hizo 19.

Sasa tuweke nondo. Pima kutoka uso wa juu wa boriti hadi katikati ya unene wa nondo za chini. Kutoka kwenye milimita 450 toa 25 za zege la kufunika, toa 8 za ringi, toa 8 ambazo ni nusu ya nondo ya 16, unabaki na milimita 409. Kipimo hiki tukiite kina cha kazi, kwa kuwa boriti inafanya kazi kwa kina hiki na si kwa zile 450 zote. Zege lililo chini ya nondo linailinda dhidi ya kutu na moto na linaishika, lakini halibebi kupinda.

Juu ya boriti, zege linalogandamizwa limejikusanya katika tabaka la karibu na uso wa juu. Kwa nondo hizi tabaka hilo lina unene wa kama milimita 94, na kani yake ni kama imewekwa katikati yake, milimita 47 kutoka juu. Umbali kati ya kani inayogandamiza juu na kani inayovuta chini ni 409 kutoa 47, yaani milimita 362. Huo ndio mkono wa wenzo wa boriti. Kani mbili zilizo sawa, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zikiwa zimeachana kwa umbali huo, ndizo zinazopingana na momenti ya mzigo. Kani hiyo ni T, na mkono wa wenzo kwa mita ni z:

```
T = M / z = 81 / 0.362 = 224 kN
```

Hiyo ni sawa na uzito wa karibu tani 23 zinazozivuta nondo tatu kwa pamoja. Eneo la kukatwa la nondo moja ya 16 ni milimita za mraba 201, na kwa tatu ni 603. Tukichukua chuma cha newtoni 460 na kukipunguzia kwa ajili ya usalama hadi 400, nondo tatu zinaweza kubeba kilonewtoni 241. Zinazotakiwa ni 224. Zinatosha, na zilizobaki si nyingi. Nondo mbili zingebeba 161 tu na zisingetosha.

Rudi kwenye ile hesabu ya kugawanya. Momenti imewekwa na mzigo, huwezi kuibadilisha. Unachoweza kubadilisha bila kujua ni ule mkono wa wenzo. Fremu ikiinuka milimita 50 wakati wa kumwaga zege, kwa sababu mtu aliweka kipande kirefu cha tofali badala ya spesa, yaani kipande kidogo cha kuitenga fremu na boksi kwa kipimo sahihi, kina cha kazi kinashuka hadi 359 na mkono wa wenzo hadi 312. Nondo ni zilezile, zege ni lilelile, lakini boriti sasa inabeba momenti ya 75 badala ya 87 iliyokuwa inaweza. Imepungua kwa sehemu moja ya saba na haitoshi tena kwa mzigo wa 81. Kwa nje huwezi kuijua tofauti hiyo. Fremu ikigeuzwa juu chini, zile mbili za 12 zikakaa chini, uwezo unaanguka hadi karibu 36, chini ya nusu ya kinachotakiwa.

Kuiweka fremu mahali pake, hatua kwa hatua

Anza na mchoro kabla ya kukata chochote. Soma sehemu iliyokatwa ya boriti katikati, kisha soma ile ya karibu na nguzo, kwa sababu mara nyingi hazifanani. Andika kwa chaki kwenye ubao wa boksi idadi ya nondo za juu na za chini katika kila sehemu. Tazama kama kuna nondo zinazokatizwa kabla ya kufika nguzo na nyingine zinazopita moja kwa moja.

Suka fremu ukiwa umeziweka nondo kuu kwenye kona za ringi, zikigusa ringi kabisa. Nondo iliyoning'inia kwa waya ikiwa na nafasi ya sentimita moja kutoka kwenye ringi imeshapoteza sentimita hiyo ya kina cha kazi. Ile ya tatu inakaa katikati, nayo ifungwe kwenye ringi ya chini kila baada ya ringi chache ili isitembee. Katika boriti yetu, upana wa 230 ukitoa zege la kufunika pande zote mbili, ringi na nondo tatu, kinabaki milimita 116, ambazo zikigawanywa kwenye mapengo mawili ni 58 kwa kila pengo. Kokoto za milimita 20 zinapita bila shida. Kama kungekuwa na nondo tano katika safu moja, mapengo yangekuwa milimita 21 tu, na kokoto zingekwama na kuacha matundu chini yake. Ndiyo sababu mhandisi hupanga safu mbili nondo zinapokuwa nyingi, na si vizuri kuzirudisha zote kwenye safu moja ili kurahisisha kazi.

Kisha weka spesa za milimita 25 chini ya ringi, si chini ya nondo kuu, na nyingine ubavuni. Ziwe za zege lenye nguvu inayokaribiana na ya boriti au za plastiki zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Vipande vya mbao, mawe na vigae havifai: mbao huoza na kuacha njia ya maji, na jiwe huteleza. Acha nafasi ya mita moja hivi kati ya spesa na spesa, na uongeze pale nondo zinapounganishwa kwa sababu hapo ni nzito zaidi. Kwa maoni yangu spesa zinastahili umakini kuliko mafundo ya waya, ingawa kwenye saiti nyingi hali ni kinyume. Fundo likilegea kidogo, fremu bado imekaa mahali pake, lakini spesa ikikosekana nondo inalala kwenye ubao na kubaki wazi kwa kutu.

Sasa pima. Vuta uzi kutoka ukingo mmoja wa juu wa boksi hadi wa pili, mahali ambapo uso wa boriti utaishia. Teremsha tepu kutoka kwenye uzi hadi kwenye mgongo wa nondo ya chini. Katika boriti yetu inatakiwa isomeke 401, kwa kuwa katikati ya nondo ni 409 na nusu ya unene wake ni 8. Kutoka kwenye ubao wa chini hadi tumbo la nondo inatakiwa iwe 33. Fanya hivyo katikati ya boriti na karibu na kila ncha, kisha ulinganishe. Milimita 5 si tatizo, lakini 15 zinatosha kukufanya usimamishe kazi na kutafuta spesa iliyolala au ringi iliyokunjwa vibaya.

Nondo za juu, ambazo watu huzikanyaga

Nondo za chini zinalindwa na ubao ulio chini yake. Za juu hazina mlinzi. Katika boriti au slabu inayotokeza hewani, kama kibaraza cha ghorofa, nondo kuu ziko juu na zinakuwa njia ya kila anayepita na ndoo au toroli siku ya kumwaga zege. Kila hatua inazisukuma chini kidogo.

Hasara hapa ni kubwa zaidi kwa sababu slabu ni nyembamba. Slabu ya milimita 150 yenye nondo za 12 na zege la kufunika la 20 ina kina cha kazi cha milimita 124, kinachopimwa safari hii kutoka uso wa chini kwenda juu, kwa kuwa upande wa chini ndio unaogandamizwa. Nondo zikikanyagwa zikashuka milimita 40, kinabaki 84, na slabu imepoteza kama theluthi moja ya uwezo wake. Zikikanyagwa hadi zikalala chini kabisa, kibaraza hicho kimekuwa karibu sawa na zege lisilo na nondo. Kinaweza kusimama kikiwa juu ya mirunda na kuanguka mirunda inapoondolewa, au kikasubiri hadi watu wakusanyike juu yake. Kinakatika mara moja, kwenye ukingo wa ukuta, kikielekea chini.

Kwa hiyo nondo za juu zibebwe na viti vya chuma vilivyokunjwa kwa kimo kamili, vikiwa karibukaribu kiasi kwamba mtu akisimama kati yake nondo haibonyei. Wekeni mbao za kupitia zilizoinuliwa juu ya nondo, zisizozilalia. Mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kutembea mbele ya zege akiwa na kibao chenye alama ya kimo, na kuinua kila nondo iliyoshuka kabla haijafunikwa. Nondo hizo pia lazima ziingie ndani kuelekea upande wa jengo kwa urefu ulioandikwa kwenye mchoro. Nondo inayoishia kwenye ukingo wa ukuta haina kinachoishika na haivutwi na chochote.

Kuishika nondo mwishoni na kwenye maungio

Kila nondo ya mfano wetu inavutwa kwa kilonewtoni 75 katikati ya boriti. Kani hiyo inaingia kwenye chuma polepole kupitia mshikamano wake na zege, kidogo katika kila sentimita, na inahitaji kama milimita 600 za nondo iliyozungukwa na zege zuri ili ijae yote. Ndiyo sababu maungio ya kulalisha nondo mbili pamoja huwa marefu, kwa kawaida mara 40 hadi 50 ya kipenyo: kani inatoka kwenye nondo moja, inapita ndani ya zege, na kuingia kwenye nyingine. Kwa nondo ya 16 hiyo ni milimita 640 hadi 800, na kipimo cha mchoro ndicho kinachofuatwa. Waya unaozifunga pamoja hauhamishi kani yoyote. Kazi yake ni kuzishika tu mpaka zege ligande.

Usiunganishe nondo za chini katikati ya boriti, kwa kuwa hapo ndipo zinapovutwa zaidi. Ziunganishe karibu na nguzo. Nondo za juu za boriti inayopita nguzo nyingi huunganishwa katikati ya nguzo na nguzo, kwa sababu hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Na maungio yote yasiangukie mahali pamoja.

Ringi zina kazi nyingine, ya kuzuia nyufa zinazokwenda mshazari karibu na nguzo, ndiyo maana hapo huwa karibukaribu kuliko katikati. Usizipanue nafasi ili uokoe chuma.

Usiongeze nondo bila kuuliza

Kuongeza nondo kunaonekana kama usalama, na mwanafunzi mwenye nia njema anaweza kuweka nne badala ya tatu. Lakini mhandisi alikusudia chuma kifike mwisho wa uwezo wake kabla ya zege. Boriti ya namna hiyo ikizidiwa na mzigo inatoa taarifa: inabonyea, nyufa za chini zinapanuka, milango iliyo chini yake inaanza kukwama, na watu wanapata muda wa kutoka. Chuma kikizidi sana, zege la juu ndilo linalofika mwisho kwanza, na zege linalogandamizwa hupasuka kwa ghafla bila onyo. Nondo moja zaidi katika mfano wetu haifikishi boriti huko, lakini wewe huna njia ya kujua mpaka uko wapi katika boriti iliyo mbele yako, na aliyeikokotoa anao huo mpaka kwenye karatasi zake. Vilevile usibadilishe nondo mbili za 20 kwa tatu za 16 kwa kuwa zimeisha dukani, ingawa eneo linakaribiana (628 dhidi ya 603), mpaka mhandisi akubali kwa maandishi.

Siku ya zege na baada yake

Vaibreta, mashine ya kutikisa zege ili lishikamane, izame kwenye zege kati ya nondo na nondo, isishikizwe kwenye chuma. Mtikisiko ukipita kwenye nondo unalegeza spesa na kuifanya fremu ihame. Angalia hasa chini ya nondo za chini na pale boriti inapokutana na nguzo, ambapo chuma ni kingi na zege hupita kwa shida. Kamwe usiongeze maji ili litiririke kirahisi, kwa kuwa zege lenye maji mengi linagandamizika vibaya na linaishika nondo vibaya vilevile. Uzi wa kupimia uwe bado karibu. Zege likifika nusu ya kina, pima tena kwenye nondo za juu.

Zege lenye siku 7 kwa kawaida lina kama theluthi mbili ya nguvu linayotarajiwa kuwa nayo likifika siku 28, na mshikamano wake na nondo unakua pamoja na nguvu hiyo. Mbao za ubavuni zinaweza kutolewa mapema, lakini mirunda ya chini ya boriti isiguswe mpaka mhandisi aruhusu, mara nyingi baada ya siku 14 hadi 21, na zaidi kwa boriti ndefu au kukiwa na baridi. Mirunda ya boriti ya mita 5 ianze kuondolewa katikati kuelekea kwenye nguzo. Ya kibaraza kinachotokeza ianze kwenye ncha ya nje kuelekea ukutani. Ukianzia ukutani, kibaraza kitaegemea mrunda wa nje na kuinama kinyume cha kilivyosukiwa.

Boksi likitoka, iangalie boriti kabla ya lipu. Nyufa nyembamba zilizosimama wima upande wa chini katikati ya boriti, zisizozidi milimita 0.3, ni zile tulizozieleza na zinatarajiwa. Ufa wa mshazari karibu na nguzo, ufa wa juu kwenye ukingo wa ukuta wa kibaraza, au ufa wowote unaoingiza ukingo wa kadi ngumu unamhusu mhandisi siku hiyohiyo. Ukikuta zege lenye matundu kiasi kwamba nondo inaonekana, usilizibe kwa saruji ili kuficha, kwa kuwa sehemu hiyo ya nondo haishikwi na chochote. Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka hapo, weka alama ya chaki pale sauti inapokuwa tupu, piga picha, na uache mirunda ilivyo. Nao ufa unaofuata urefu wa nondo, ukiwa na doa la kutu, huonekana baada ya miaka: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa na inalisukuma zege nje. Ukiuona kwenye jengo la zamani unalokarabati, pima kwanza zege linalofunika nondo mahali hapo. Mara nyingi utakuta ni milimita 10 au pungufu, mahali ambapo spesa haikuwekwa.